Anayetania Ndiye Anayechimba Kaburi

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kicheko. Si kicheko cha harusini, wala cha barazani baada ya kahawa. Nazungumzia kicheko kinachosikika hospitalini usiku, nyuma ya pazia la chumba cha wauguzi, wakati wewe umeketi kwenye benchi la ukumbini na mwanao yuko ndani, hali yake huijui. Umekaa hapo tangu magharibi, na jambo lolote hujaambiwa. Mara unasikia wauguzi wawili wanacheka, tena wanacheka hasa. Je, msikilizaji, utajisikiaje?

Wengi wetu tutakasirika. Tutasema: hawa watu hawana utu. Watoto wetu wanakufa, wao wanacheka.

Na mimi jioni ya leo nakuomba usubiri kidogo kabla ya kuhukumu. Kicheko kile chaweza kuwa ukatili, ni kweli. Lakini pia chaweza kuwa ndicho kitu kinachomwezesha muuguzi yule kurudi kitandani kwa mwanao na mikono isiyotetemeka. Sasa tutajuaje kipi ni kipi? Hilo ndilo swali letu la leo. Nalirudia: tutajuaje kama mzaha wa watu wa kazi ngumu ni njia ya kubeba mzigo, au ni ukatili?

Bahati nzuri sisi watu wa Kiswahili tuna pa kuanzia, nako ni kwenye utani.

Wazee waliokuja hapa Buyenzi kutoka Ujiji na Kigoma waliujua vizuri utani wa makabila, ule ambao majirani zetu wa Tanzania wanao mpaka leo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wahehe na Wangoni ni watani, na hao walipigana vita vikali katika karne ya 19 kabla ya kutaniana. Sasa mtazame mtani anapofika msibani. Watu wanalia, yeye anaingia kwa kelele. Anaigiza mwendo wa marehemu, anaiga sauti yake, anavaa nguo yake. Anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Mara nyingine anaingia kaburini, analala, anasema hatoki mpaka alipwe. Waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka na machozi bado mashavuni. Na mwiko mkubwa ni kumkasirikia.

Lakini kwa nini yeye anaruhusiwa, na mpita njia angefanya hivyo angepigwa? Hapa ndipo penye siri, nami naomba tupashike. Mtani hakuja msibani kucheka tu. Kwa desturi, mtani ndiye aliyeshika jembe na kuchimba kaburi. Ndiye aliyesaidia kuosha maiti, ndiye aliyebeba. Zamani mtu akifia mbali na kwao, mjini au njiani, watani wake ndio waliomzika kama ndugu. Haki yake ya kutania ameilipia kwa kazi ambayo wafiwa wenyewe hawakuwa na nguvu ya kuifanya. Tena kuna jambo la pili: kesho zamu itageuka. Msiba ukiwa kwake, wale wafiwa wa leo watamtania yeye, naye hatakuwa na ruhusa ya kukasirika.

Kwa hiyo utani una mambo mawili. Anayetania amebeba mzigo. Na anayetaniwa anaweza kutania. Tubaki na haya mawili, tuingie nayo hospitalini.

Tuchukue mfano. Tuseme ni usiku wa Jumamosi, chumba cha dharura cha hospitali moja ya hapa Bujumbura. Wauguzi wako wawili. Vitanda vimejaa, mmoja wa wagonjwa ni kijana wa ajali ya pikipiki. Saa nane usiku anaingia mama na mtoto wa miaka miwili. Malaria kali. Mtoto ana degedege, viganja vyeupe, damu imekwisha mwilini. Muuguzi wa kwanza anatafuta mshipa, haupatikani, mishipa imelala. Anatafuta tena kichwani, anaupata. Wa pili anapima sukari, anaandaa sindano ya artesuneti. Daktari anaagiza damu. Mtu anatumwa kuifuata. Kabla damu haijafika, mtoto anakata pumzi. Wanamsukumia hewa kwa kifuko, wanabonyeza kifua kwa kiganja kimoja, wanaendelea mpaka daktari anasema basi.

Wanamfunika mtoto. Mmoja anakaa na mama. Baadaye wanakutana nyuma ya pazia kunawa mikono. Bomba linafunguliwa, halitoi hata tone. Wanatazamana. Mmoja anasema: "Nalo limegoma. Linadai posho ya usiku." Wanacheka mpaka wanashika ukuta. Dakika mbili hivi. Kisha wanachota maji kwenye ndoo, wananawa, wanarudi kwa yule kijana wa pikipiki ambaye dripu yake inakaribia kwisha.

Sasa tujiulize. Wamecheka nini? Je, wamemcheka mtoto? Hapana. Wamemcheka mama? Hapana. Wamecheka bomba, wamecheka posho isiyofika, wamecheka ule upungufu uliowafunga mikono. Na kwa nini wacheke badala ya kulia? Kwa sababu kilio kinataka muda, na zamu haina muda. Mwili uliokuwa umekaza tangu saa nane, pumzi imebanwa, mabega yamepanda, unapata mahali pa kulegea. Na kubwa kuliko hilo, mmoja amemwambia mwenzake, bila kusema, kwamba: nimeona ulichokiona, hukuwa peke yako. Hiyo ndiyo kazi ya mzaha huu. Haumfufui mtoto na hauponyi jeraha. Unamvusha mtu kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Haya, turudi nyuma tubadilishe kitu kimoja tu. Usiku ni uleule, mtoto yuleyule, bomba lilelile. Lakini safari hii muuguzi anasema: "Mama kama huyu hatuletei mtoto, anatuletea maiti tumwandikie cheti." Na mwenzake anacheka.

Je, mmeona kilichogeuka? Mzaha umeacha kuelekea kwenye kifo na upungufu, umemwangukia mama. Mama ambaye labda alitoka Gatumba usiku, akatafuta nauli kwa jirani, akafika amechelewa kwa sababu pesa ilichelewa. Amebebeshwa lawama ya kifo juu ya kifo chenyewe. Yeye hana nafasi ya kujibu. Hawezi kumtania muuguzi, kwa sababu mdogo wa mtoto huyo wiki ijayo ataletwa palepale.

Tena madhara yake hayaishii moyoni. Hospitali zetu zinajulikana: mgonjwa halazwi peke yake. Abarwaza wako pale, mama, shangazi, dada, ndio wanaopika, wanaofua, wanaolala chini ya kitanda au ukumbini. Ukuta wa kumficha muuguzi hakuna. Neno lile la "cheti" limesikika na mama wa kitanda cha pili. Kesho huyo mama akiulizwa: "Mtoto ameanza kuugua lini? Ulimpa dawa gani kwanza?" atajibu nini? Atasema ameanza jana, na kumbe ni siku ya nne. Atasema hakumpa kitu, na kumbe alimpa dawa ya mizizi au vidonge vya dukani. Ataficha ili asichekwe. Na daktari atatibu kwa habari za uongo. Ndiyo maana nasema mzaha wa namna hii unaweza kuua mgonjwa ambaye hata hakutajwa.

Wako wataalamu waliolichunguza jambo hili. Nchini Marekani yuko mwalimu wa maadili ya tiba anayeitwa Katie Watson. Mwaka 2011 aliandika habari ya madaktari wa dharura aliyosimuliwa na mmoja wao. Usiku walikuwa na njaa, wakaagiza piza. Ikachelewa. Mara akaletwa kijana aliyepigwa risasi, na walipomtazama wakamtambua: ndiye aliyekuwa akiwaletea chakula. Alivamiwa na majambazi karibu na hospitali. Walimhangaikia kwa nguvu zao zote, akafa. Baadaye mmoja wao akalikuta boksi la piza hapo nje. Wakakaa wakilitazama, wote wana njaa, zamu bado ndefu. Ndipo mmoja akauliza: tungempa bakshishi ya kiasi gani? Wakacheka, wakala, wakarudi kazini. Miaka mingi baadaye daktari yule bado alikuwa anajiuliza: tulifanya vibaya?

Nimelifikiria swali lake. Mama wa kijana yule angekuwepo mlangoni, lingekuwa kosa kubwa, wala sitetei. Lakini hakuwepo. Waliokuwepo ni wale waliokuwa na damu yake kwenye glovu. Walifanya kazi yote kwanza, hakuna aliyepunguza juhudi. Na waliocheka walikuwa wanauchekea uchungu wenyewe, kwamba mtu amekufa kwa kuwatafutia wao chakula. Mimi nasema hawakumtukana. Walimzika kama mtani anavyozika. Wewe msikilizaji unaweza kukataa, na nitakuelewa.

Sasa tugeukie jambo la pili la utani: anayetaniwa aweze kutania. Hapa hospitali zina tatizo, na majeshi vilevile. Mwanasosholojia Rose Coser alihudhuria mikutano ya wafanyakazi wa hospitali moja ya wagonjwa wa akili huko Marekani, akawa anaandika nani anafanya mzaha na nani anachekwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960. Aliona kwamba wakubwa ndio waliotania zaidi, na mara nyingi waliwatania wadogo. Wadogo hawakuthubutu kutania kwenda juu. Nao walipotania, waliwashukia wagonjwa na jamaa zao, au walijitania wenyewe. Kicheko kilikuwa kinateremka ngazi.

Je, hapa kwetu ni tofauti? Mfikirie mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja wodini kwa mafunzo. Mkono wake unatetemeka mara ya kwanza anapomvalisha maiti. Mkubwa wake anamtania: "Usiogope, huyo hawezi kulalamika kwa mkurugenzi." Mwanafunzi akicheka, akajibu, akaendelea na kazi huku mkubwa ameshika upande wa pili wa shuka, huo ni utani, amekaribishwa kwenye kazi. Lakini mkubwa akimwita "mlia maiti" mbele ya wodi nzima kwa wiki tatu, naye hana ruhusa ya kujibu hata neno, hapo hakuna utani tena. Ni kumwonea mtoto wa watu kwa kisingizio cha kuchangamsha kazi.

Kwa askari ni vivyo hivyo. Wanajeshi wa Burundi walianza kwenda Mogadishu Desemba 2007, wakiwa pamoja na Waganda. Septemba 17, 2009 kambi yao ilishambuliwa kwa mabomu ndani ya magari, na naibu kamanda wa kikosi, Jenerali Juvénal Niyonguruza, akawa miongoni mwa waliouawa. Nyumba nyingi hapa zina mtu aliyekwenda kule. Akirudi, utamsikia na wenzake wakikumbushana mambo ya kutisha na wanacheka. Mke wake anashangaa, mbona mambo hayo kwangu hayasemi? Dada yangu, usione umetengwa. Wanacheka kwa sababu wote walikuwepo. Utani kati ya askari pia ni namna ya kuhesabiana: anayetaniwa bado ni mwenzetu. Kwa hiyo wa kumwangalia sana ni yule ambaye zamani alikuwa mtani wa kikosi, na sasa kila mtu anacheka, yeye amekaa kimya.

Na waokoaji je? Mtakumbuka usiku wa Februari 9, 2014, mvua ile iliyoangusha nyumba Kamenge, Kinama na Buterere, ikaua watu zaidi ya 60 katika usiku mmoja. Watu wa Msalaba Mwekundu na majirani walichimbua tope kwa majembe na mikono. Mwokoaji ana shida ambayo muuguzi hana: hana hata pazia. Kila anapochimba, mwenye mtoto amesimama juu yake. Ndiyo maana pale penyewe hapafai mzaha wowote, hata ule mwema, hata wa bomba. Wacheke baadaye, nyuma ya gari, wakisafisha buti. Mahali na masikio yaliyopo ni sehemu ya mzaha wenyewe.

Maneno yaleyale hubadilika kwa kinywa. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wagonjwa wa Burundi waliozuiwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Walipona, lakini hawakuruhusiwa kutoka. Sasa tuseme mmoja wao anamwambia mwenzake: "Hapa kuingia ni bure, kinacholipiwa ni mlango wa kutokea." Ni mzaha wa mtu anayejishika asianguke. Mlinzi wa mlangoni akiyasema maneno hayohayo kumwambia mama mwenye kichanga, ni mwiba. Mmoja amebeba mzigo, mwingine ameukalia.

Naomba sasa niseme na nyinyi mlio kazini, wauguzi, wazimamoto, askari, watu wa gari la wagonjwa. Mzaha wenu nautetea, lakini nao huoza. Mtaalamu wa saikolojia Christina Maslach, aliyechunguza uchovu wa kazi za kuhudumia watu, alieleza hali ambapo mhudumu aliyechoka anaanza kumwona mgonjwa kama kitu. Haianzi kwa kelele. Inaanza jina la mgonjwa linapopotea na kubaki "yule wa kitanda cha saba". Kisha mzaha uleule unarudiwa kila zamu, hauchekeshi tena, ila una sumu. Kisha unajikuta unatania kabla ya kazi badala ya baada ya kazi: mgonjwa hajaguswa, tayari ameshachekwa. Ukijiona hapo, si kwamba umekuwa mtu mbaya. Umechoka kupita kiasi, na mzaha umeacha kukubebea kitu.

Tena mzaha una mpaka. Mtu akiendelea zaidi ya mwezi mmoja kuota yale aliyoyaona, akashindwa kulala, akakwepa barabara iliyotokea ajali, au akawa hawezi kumaliza zamu bila pombe, wenzake wasimtanie wakidhani watamchangamsha. Wamsindikize kwa mtu wa afya ya akili. Lakini pia msimlazimishe mtu kusimulia kila kitu siku ileile ya tukio. Kulikuwa na desturi ya kuwakusanya watu mara moja baada ya msiba na kuwataka waeleze yote. Utafiti haukuona faida yake, na Shirika la Afya Duniani haliishauri. Chai, usingizi, na mwenzako aliyekuwepo vinafaa zaidi kwa siku za mwanzo.

Wapenzi wasikilizaji, muda wetu unakwisha, nami nina ombi kwa pande mbili. Kwenu wakuu wa wodi na wa hospitali: watafutieni wauguzi chumba kimoja chenye mlango unaofungika, hata kama ni stoo iliyofagiliwa, na baada ya kifo cha mtoto wapeni dakika kumi humo. Hazigharimu fedha, na zitawaokoa abarwaza wasisikie yasiyowahusu. Na kwako wewe uliyeketi kwenye benchi: ukisikia kicheko nyuma ya pazia, usiingie kwa matusi. Ngoja muuguzi atoke, muulize hali ya mwanao. Akikujibu kwa jina la mtoto na akakueleza, mwache na kicheko chake. Akikucheka wewe, basi una haki ya kwenda kwa mkuu wa zamu usiku huohuo na kulisema.